Maduara manne, katikati hamna kitu

*Assalaam alaykum Shangazi,*

*Nina miaka 27, naishi Wete. Nina stashahada ya ualimu wa hisabati, na kwa sasa nasomesha skuli moja ya binafsi huku nikisubiri ajira ya serikali. Jioni nina watoto wa tuisheni barazani kwetu, na siku za harusi nachora hina. Mtoto wa ami yangu aliyeko Paje ananiita nikafanye kazi ya mapokezi hotelini.*

*Kwenye semina ya vijana tulichorewa maduara manne: unachokiweza, unachokipenda, kinachohitajika na kinacholipa. Tukaambiwa kazi yako ni pale yote yanapokutana. Nilikaa nayo usiku kucha. Hina naipenda na naiweza. Hisabati naiweza na inahitajika. Hoteli inalipa. Katikati pakabaki patupu. Mama anasema mchagua jembe si mkulima, nisubiri ajira tu. Je, mimi sina kazi yangu, au nimejaza vibaya?*

*Mchora hina, Wete*

Waalaykum salaam, mwanangu.

Kazi unazo tatu tayari, na ya nne inakuita. Lakini duara la nne umelijaza kwa kukisia, na hilo wanalijaza hivyo karibu wote. Umeandika "hoteli inalipa" kwa sababu mshahara wake ndio mkubwa unapotajwa. Ndiyo maana kabla ya kukujibu nilikupigia simu nikakuomba unitajie kila kitu kwa shilingi na kwa saa. Ahsante kwa kuvumilia maswali yangu. Sasa tuyaweke mezani uliyonitajia.

Tuanze na hina ya bibi harusi, mikono yote miwili na miguu. Unatoza 60,000. Unga wa hina, ndimu, mafuta na nailoni za kutengenezea koni vinakula 8,000, na gari ya kwenda Micheweni na kurudi 6,000. Unabaki na 46,000. Saa je? Uliniambia saa tano za kuchora, lakini kuna saa moja ya kuchekecha unga na kuuvuga, mbili za njiani, na mbili za kumsubiri bibi harusi aoge, ale, apigwe picha na shoga zake. Hizo ni saa kumi. Kila saa imekulipa 4,600.

Tuisheni: watoto 12, kila mmoja 10,000 kwa mwezi, ila wanaolipa kweli ni tisa. Toa 6,000 za chaki na karatasi, unabaki na 84,000. Unakaa nao saa 30 kwa mwezi, na nyengine kumi zinakwenda kwenye kutayarisha na kusahihisha. Kila saa 2,100.

Skuli wanakulipa 220,000, na ukijumlisha madaftari unayobeba nyumbani unafanya saa 175. Hapo saa moja ni kama 1,260.

Hoteli wamekutajia 400,000. Chumba cha kupanga 80,000, nauli ya kwenda na kurudi kazini 50,000, chakula cha mchana wanatoa wao. Unabaki na 270,000 kwa siku 26 za saa tisa tisa, yaani saa 234. Kila saa 1,150 hivi, na hapo boti ya kuja kumtazama mama bado sijaitia.

Umeona? Kazi uliyoiandika kuwa ndiyo inayolipa imekuwa ya mwisho, na hina ambayo hukuitia kabisa kwenye duara la malipo imekuwa ya kwanza. Ukilijaza upya karatasi lako sasa hivi, hina inaingia katikati: unaiweza, unaipenda, maharusi wanaitaka, na kwa saa inalipa karibu mara nne ya skuli.

Usiache skuli kesho, lakini. Hapo ndipo picha ile inapodanganya, na wanawake wengi niliowaona wakiifuata wameangukia hapo hapo.

Malipo ya saa moja ni kitu kimoja, na saa ngapi utauza kwa mwaka ni kitu kingine. Mwaka jana ulichora maharusi 22. Saba kati yao ni jamaa zako, na jamaa huwatozi. Umetoa hina yako, umetoa nauli yako, ukarudi na sahani ya biriani. Kumi na tano waliolipa wamekupa 690,000 ya kubaki nayo. Hao saba wamekula 98,000 za hina na nauli. Zimebaki 592,000 kwa mwaka mzima. Igawe kwa miezi 12: 49,000 na ushei. Tuisheni yako, ambayo kwa saa inalipa chini ya nusu ya hina, inakuletea 84,000 kila mwezi.

Tena hizo 49,000 haziji kila mwezi. Wewe unaijua kalenda yetu. Shaabani watu wanaoana mbio mbio kabla mwezi haujaandama, Ramadhani hakuna harusi, Mfunguo Mosi mnakosa hata wikiendi ya kupumzika. Halafu Pemba tuna kalenda nyengine juu ya hiyo, ya karafuu. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, na ukizaa vizuri ndipo baba anaposema sasa tumuoze mtoto. Mwaka wa karafuu haba, harusi zinasogezwa mbele na bibi harusi anachorwa na dada yake. Mahitaji ya hina yapo, wala simwambii mtu kuwa hayapo, lakini ni membamba. Yanatosha kumlipa vizuri mchoraji siku 15 za mwaka, hayatoshi kumuweka mjini.

Kwa hiyo duara la mahitaji ulijaze kwa maswali mawili kila unapolitazama. Nani anakitaka kitu hiki? Na ni nani hasa anayetoa fedha, mara ngapi kwa mwaka? Mara nyingi ni watu wawili tofauti. Mtoto wa kidato cha pili ndiye anayehitaji hisabati, lakini anayelipa ni baba yake, na mfuko wa baba unafuata karafuu, mwani au samaki. Wale watatu wasiokulipa tuisheni usiwahesabu kuwa hawaitaki. Muulize kila mzazi fedha inaingia nyumbani kwake mwezi gani. Yupo atakayekulipa miezi minne kwa mkupuo akishauza karafuu, na asiweze kukupa elfu kumi mwezi wa Machi hata umdai vipi.

Nije kwenye mapenzi, maana umeandika hina unaipenda na hisabati ukaiacha nje ya duara hilo. Kwenye simu nilikuuliza siku gani ya tuisheni ulirudi ndani ukiwa na furaha. Ulifikiri kidogo, ukanieleza habari za yule mtoto wa kike aliyekuwa akijumlisha nusu na robo akipata mbili kwa sita, kila siku, mpaka ukachukua andazi ukalikata mbele yake. Ukamuonyesha nusu, ukakata nusu ya pili katikati, ukamwambia hebu nionyeshe hizo mbili kwa sita ziko wapi. Akalitazama lile andazi, akacheka, akasema mwenyewe robo tatu. Ulinieleza kwa dakika saba na hukunipa nafasi ya kusema. Habari za hina ulinieleza kwa dakika mbili.

Sisemi hina huipendi. Nasema mapenzi ya kazi huwezi kuyajua kwa kuliuliza jina la kazi. "Ualimu" kwako ni madaftari 45, kelele, kikao cha Ijumaa na mshahara unaochelewa, na hivyo ndivyo ulivyovikumbuka ulipokuwa ukijaza karatasi. Kumfungua mtoto mmoja akili ni sehemu nyengine ya kazi hiyo hiyo, na hiyo unaipenda. Igawe kila kazi vipande vipande, upime kipande kimoja kimoja.

Na mapenzi yanakwenda na uwezo. Mimi nilianza kushona kofia za viua nikiwa na miaka 12, na mwaka wa kwanza nilikuwa nalia. Kila kitundu kinapindwa ukingo wake kwa uzi, kimoja kimoja, na kofia moja inaweza kukuchukua miezi. Sikuipenda mpaka mkono ulipozoea, na mkono ulipozoea nikawa siwezi kulala bila kushona. Lau ningechorewa maduara yale mwaka wa kwanza, kofia isingeingia hata kwenye duara moja.

Halafu likanikuta jambo la pili, ambalo lile karatasi halikuambii. Mwenye duka mmoja akaniagiza kofia kwa ajili ya Idi, kwa fedha nzuri, na tarehe juu. Nikashona usiku na mchana kwa mtindo mmoja tu anaoutaka yeye. Nilipomaliza nilipewa fedha zangu zote, na sindano sikuigusa mpaka Mfunguo Tatu. Nilidhani ni uvivu wangu. Miaka baadaye nikasoma kuhusu jaribio walilolifanya Marekani mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett. Walichukua watoto wadogo wa chekechea wanaopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi wakaahidiwa cheti wakichora, baadhi wakapewa cheti bila ya kuahidiwa, baadhi hawakupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili kalamu zikawekwa tena, kila mtoto afanye atakalo. Wale walioahidiwa wakazichezea karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti kwa ghafla mapenzi yao hayakupungua.

Ni watoto na vyeti, hawakuwa watu wazima na mishahara, kwa hiyo nisikutishe sana. Lakini utakapofikiria kuifanya hina iwe riziki yako yote, kumbuka kwamba leo unachora mara moja au mbili kwa mwezi, ua lako mwenyewe, kwa bibi harusi anayekusifu. Ukichora watu wanane kwa siku ufukweni, mtindo ule ule kutoka kwenye karatasi iliyopigwa plastiki, unaweza kuipenda vile vile, unaweza usiipende. Hujui, na duara halijui. Utajua ukijaribu kwa wiki tatu.

Nimetaja ufukwe kwa makusudi, kwa sababu ulinidokeza kwamba ukienda Paje ungechora na watalii siku za mapumziko. Sikiliza hili vizuri. Hina yenyewe, ya majani, haiwezi kutoa weusi. Ukishaivuga na ndimu ukaiacha saa kadhaa, ukaipaka, ikakaa mkononi usiku mzima, asubuhi unaibandua ikiwa rangi ya chungwa, na inakoza polepole siku mbili mpaka ifike kahawia. Mtalii hana subira hiyo. Anataka nyeusi, anataka sasa hivi, anataka ikauke kabla hajarudi hotelini. Ndiyo maana pwani wanapaka piko, na piko ni rangi ya nywele. Ndani yake mna kemikali ambayo kwenye boksi utaisoma kwa herufi tatu, PPD, au kwa jina refu p-Phenylenediamine. Ikikaa juu ya ngozi inaweza kuichoma ikatoa malengelenge kwa umbo lile lile la ua ulilolichora, mara nyingi siku kadhaa baadaye, mtu keshapanda ndege. Na mwili ukishaikataa mara moja unaikataa maisha. Mtu huyo akija kupaka rangi nywele zake miaka 10 mbele anaweza kuvimba uso mzima.

Sasa ipime piko kwa maduara yako. Unaiweza, mkono ni ule ule. Kuchora unakupenda. Mahitaji ni makubwa kuliko ya maharusi. Inalipa, na inalipa haraka. Yote manne yamekutana katikati, na bado ni kazi ya kumuunguza mtoto wa watu. Karatasi lile halina duara la kuuliza anaumia nani. Halina la kuuliza nani anakutegemea pia, na wewe una mama wa kumpeleka kliniki kila mwezi, jambo ambalo hukuliandika kwenye barua nikalijua kwa simu tu. Hayo mawili yaandike pembeni kabla hujagusa yale manne. Ukitaka kuchora watalii, chora kwa hina ya majani, waambie mapema rangi itakavyokuwa, na ukubali kwamba wengi wataondoka waende kwa jirani yako mwenye piko. Hayo ndiyo mahitaji yako halisi pale, baada ya hao kuondoka.

Niseme neno kidogo kuhusu picha yenyewe, kwa sababu semina yenu iliwaambia ni hekima ya kale ya Wajapani. Maduara yale yalichorwa na Mhispania, Andrés Zuzunaga, na katikati aliandika neno la kwao lenye maana ya kusudio. Mwaka 2014 Marc Winn akaliondoa neno hilo akaweka neno la Kijapani, ikigai, na hivyo ndivyo ilivyoenea duniani. Wajapani wenyewe neno hilo wanalitumia kwa kitu kinachomfanya mtu aone raha kuamka: mjukuu, bustani, mazoezi ya asubuhi. Mieko Kamiya, daktari wa akili aliyeandika sana juu ya neno hilo mwaka 1966, aliwatibu wagonjwa wa ukoma waliotengwa kisiwani, watu wasiokuwa na mshahara wala soko, na wapo aliowakuta nalo. Nakueleza haya kwa sababu uliniuliza kama huna kazi yako. Karatasi tupu katikati halikuelezi chochote kuhusu maisha yako. Linakueleza kwamba kazi nne, kama zilivyo mwezi huu, hakuna moja inayobeba kila kitu. Watu wengi ninaowajua Pemba wanaishi kwa kazi mbili au tatu, na wanaishi vizuri.

Basi ufanye nini? Ningekuwa wewe ningeifanyia kazi tuisheni, kwa sababu ndiyo pekee ambayo kasoro zake unaweza kuzirekebisha mwenyewe. Sasa hivi una watoto 12 wa madarasa mchanganyiko, unakimbia kutoka kwa huyu wa darasa la nne kwenda kwa yule wa kidato cha kwanza. Wapange. Chukua wa kidato cha pili peke yao, wanaokaribia mtihani wa taifa, kwani hapo mzazi anaona tarehe mbele yake na anatoa. Vikundi viwili, kila kimoja siku tatu kwa wiki, saa moja na nusu. Toza 15,000. Wakilipa wanane kila kikundi ni 240,000. Toa 12,000 za karatasi, umebaki na 228,000. Saa ni 36 za kusomesha na 14 za kutayarisha. Saa moja inakuwa 4,560, karibu sawa na hina, na hii inakuja kila mwezi wa skuli.

Hesabu hiyo ni tamu kwenye karatasi, na ina shimo moja: sijui kama Wete wapo wazazi 16 wa 15,000, nawe hujui. Usiwaulize wanaonaje. Kila mzazi atakwambia wazo zuri, mwalimu, Mungu akuwezeshe. Nenda kwa wazazi watano, waambie kikundi kinaanza Jumamosi, nafasi ni nane, anayetaka kumuwekea mtoto nafasi atoe nusu sasa. Wakitoa watatu, anza. Akitoa mmoja, bei ni kubwa au hawajaona matokeo yako. Rudi kwenye 10,000 lakini vikundi viache vile vile, na umshike mkono yule mtoto wa andazi na wenzake mpaka mtihani. Matokeo yao ndiyo yatakayokuletea wa mwaka ujao. Asipotoa hata mmoja, umejua ndani ya wiki moja kitu ambacho lile duara lisingekwambia mwaka mzima.

Jipe miezi mitatu. Kila usiku andika kwenye daftari mistari mitatu tu: leo imebaki shilingi ngapi, imekula saa ngapi, na kama kesho ungeambiwa uifanye tena bila kulazimishwa ungeifanya. Huo wa tatu uandike usiku huo huo, kwani ukingoja mwisho wa mwezi utaandika unachodhani unakipenda. Baada ya miezi mitatu ukikuta vikundi vimejaa na kwenye mstari wa tatu umeandika hapana siku nne kati ya tano, basi duara la mapenzi lilikuwa na haki tangu mwanzo na mimi nimekosea. Niandikie.

Hina usiiache. Ibaki kazi ya Shaabani na Mfunguo Mosi na mwaka wa karafuu. Jamaa waendelee bure kama ulivyozoea, lakini waambie walete unga wao na wakutumie gari. Hilo peke yake linakurudishia zile 98,000, na hakuna shangazi wala mama mkubwa atakayenuna kwa unga wa hina.

Mama muitikie kuhusu ajira. Kuomba ajira hakukuzuii kuwa na vikundi barazani, na siku ikitoka utaamua ukiwa na daftari mkononi. Ila asikuambie usubiri tu.

Mtoto wa ami usimkatalie bado. Hoteli inaweza kukupa kitu ambacho Wete hakipo, nacho ni lugha. Mwaka mmoja wa mapokezi na Kiingereza chako kitakuwa kingine, na huo ni uwezo mpya unaoingia kwenye duara la kwanza. Lakini 400,000 umetajiwa kwa mdomo. Muombe akupigie picha mkataba wa mtu anayefanya kazi hiyo hiyo, utazame ni wa miezi mingapi, na umuulize wafanyakazi wa mapokezi wanafanywa nini inapoingia masika, wageni wanapopungua na hoteli nyingine zinafunga kabisa. Ukiwa mkataba wa miezi tisa, zile 270,000 ulizobakiwa nazo zigawe upya kwa miezi 12 kabla hujamjibu: zinakuwa 202,500, na chumba cha Paje mwenye nyumba atakudai mwaka mzima.